Umefiwa na unaenda kuongea na mchungaji, padri au shehe: haya ndo mambo ya kumwambia kabla ya ibada ya mazishi

Kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kupokea familia zilizofiwa kabla hazijaonana na mchungaji, yaani mimi ndo ninayekaa nao na daftari, naandika jina, umri, nani mjane nani mtoto, afu karatasi inaenda kwa mchungaji na yeye anaanzia hapo kutayarisha ibada. Siku moja mchungaji alisimama mbele ya jeneza akampa pole mjane kwa jina la mke wa kwanza, ambaye waliachana na marehemu zamani sana, na huyo mke wa kwanza alikuwepo, amekaa safu ya nne na wanawe. Mchungaji alisoma vizuri tu kilichoandikwa. Shemeji aliyeletwa kutoa taarifa alikuwa ameshika cheti cha ndoa cha zamani, hakuna aliyemwambia kinginecho, na mimi sikuuliza mara ya pili. Mjane halali aliinama akabaki hivyo mpaka mwisho wa ibada, na kwa ninavyojua hajarudi tena pale.

Tangu siku hiyo kila familia naiambia kitu kimoja kabla hatujaanza: mnachomwambia kiongozi wa dini kigaweni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kusemwa mbele za watu. Fungu la pili ni la yeye kujua tu, asiliseme, ila limsaidie asije akakanyaga pasipokanyagika. Familia nyingi zinaleta fungu la kwanza peke yake, jina na tarehe na sifa, afu fungu la pili linaachwa nyumbani kwa sababu ya aibu, na ibada karibu zote nilizoona zikiharibika ziliharibikia kwenye fungu la pili.

Hatua ya 1: Chagueni msemaji mmoja, na mpige simu kabla hamjatangaza siku

Msiba una watu wengi na kila mmoja anataka kusaidia, kwa hiyo mchungaji anapigiwa na mtoto wa kwanza asubuhi, anapigiwa na shangazi mchana, jioni rafiki wa marehemu anamwambia saa imebadilika, na kila mmoja ana habari tofauti kidogo. Chagueni mtu mmoja ambaye ana utulivu na anaijua familia pande zote. Mara nyingi mjane au mtoto wa karibu kabisa hawezi kubeba hiyo kazi kwa siku zile, ila lazima aulizwe kila kitu kabla hakijatoka. Kwenye simu ya kwanza msemaji ajitambulishe yeye ni nani kwa marehemu, na aseme wazi kwamba mabadiliko yoyote yatatoka kwake.

Siku na saa msizitangaze kwenye magrupu ya wasapu kabla kiongozi hajakubali. Anaweza kuwa na mazishi mengine siku hiyohiyo, au kalenda ya dini yenyewe haikubali. Kwa Wakatoliki misa ya mazishi haiadhimishwi Alhamisi Kuu, wala kwenye zile siku tatu kuu za Pasaka, wala Dominika za Majilio, Kwaresima na kipindi cha Pasaka, wala sikukuu za amri. Kuzika siku hizo kunawezekana, kunakuwa na ibada bila misa, na misa ya kumwombea marehemu inakuja baadaye, lakini familia iliyokwisha tangaza "misa saa nne" inajikuta inapiga simu kwa watu mia mbili kurekebisha.

Kwa Waislamu mambo yako kasi zaidi kwa sababu maiti haicheleweshwi, kwa hiyo imamu apigiwe mapema kabisa, aambiwe mwili uko wapi, umeshaoshwa au bado, nani ataosha, na swala inakusudiwa baada ya swala ipi ya faradhi.

Hatua ya 2: Jina, na jinsi linavyotamkwa

Hapa nitapita haraka lakini msipadharau. Andikeni jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti, afu chini yake jina ambalo watu walimwita kila siku. Yapo mazishi ambapo jina la kwenye cheti likitajwa, nusu ya watu wanatazamana hawajui anaongelewa nani, manake wao wamemjua miaka yote kama Mama fulani au kwa jina la kazi yake. Jina likiwa gumu kutamka, msemaji amtumie kiongozi voisi akilitamka taratibu mara mbili. Umri usitajwe kwa kukisia, mpeni tarehe ya kuzaliwa, na kama familia ina tarehe mbili zinazogombana mwambieni ipi itasomwa, ili asisome 71 wakati kwenye msalaba mmeandika 73.

Halafu orodha ya wafiwa. Huyu ni mjane, hawa ni watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wajukuu wangapi, wazazi wako hai au la, ndugu wa tumbo moja wangapi. Watoto waliotangulia kufa nao waandikwe, kwa sababu mama aliyezika mtoto miaka 30 iliyopita anasikia kabisa mtoto huyo asipohesabiwa. Na mimba zilizoharibika au mtoto aliyefariki siku ya kuzaliwa, hiyo muulizeni mjane au mama mwenyewe kama anataka itajwe, msimwamulie.

Hatua ya 3: Imani yake ilivyokuwa kweli, bila kupamba

Hapa ndo watu wanaanza kuogopa. Marehemu hakuwa amekanyaga kanisani miaka tisa, familia inakuja inasema "alikuwa muumini mzuri sana" na mchungaji anamhubiria kama nguzo ya kanisa, wakati waliokaa kwenye mabenchi wanajua. Wanaoumia zaidi ni watoto wake, maana wanajua baba yao anapewa sifa ambazo angezikataa mwenyewe.

Mwambieni ukweli mfupi: alibatizwa wapi na kwenye dhehebu gani, alipata kipaimara au la, ndoa yake ilifungwa kanisani au la, aliacha kuja lini na kama mnajua kwa nini. Kama aliacha kwa sababu aligombana na kiongozi au mtu wa hapohapo, hilo mwambieni pia, liko kwenye fungu la pili. Na kama katika siku za mwisho aliomba padri, au alisali na jirani pale kitandani, au alipakwa mafuta ya wagonjwa, hilo lisemwe kabisa kwa sababu linabadilisha anachoweza kukihubiri.

Watu wanadhani wakisema ukweli watanyimwa ibada. Kwa Wakatoliki sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1983, na waliotajwa humo kunyimwa mazishi ya kanisa ni wachache sana, tena kama walionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa hawanyimwi. Kutoonekana kanisani si mojawapo. Hata mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla, askofu anaweza kuruhusu azikwe kikanisa, na anayejifunza dini bila kubatizwa bado, yule mkatekumeni, kwenye suala la mazishi anahesabiwa kama waamini wengine. Padri akiwa na mashaka anamuuliza askofu, lakini hiyo inataka muda, kwa hiyo mwambieni siku ya kwanza na si usiku wa kuamkia mazishi. Makanisa mengine yana taratibu zake na mengi yanamwachia mchungaji nafasi kubwa ya kuamua, ila naye anaamua vizuri akiwa na habari kamili.

Kama marehemu alikuwa wa dini moja na watoto wa dini nyingine, au kuna pande mbili zinazotaka kumzika, semeni mapema. Kiongozi akikuta kiongozi mwenzake wa dini nyingine amekaa meza kuu na hana habari, wote wawili wanapata tabu pale mbele za watu.

Kwa imamu mambo ya kusema ni mengine. Swala ya jeneza inaswaliwa wima, ina takbira nne, haina rukuu wala sijda, na dua inayosomwa humo inabadilika kufuatana na maiti ni mwanamume au mwanamke, mtu mzima au mtoto mchanga. Kwa hiyo hiyo ndo habari ya kwanza, na yakiwa majeneza mawili ya ajali moja aambiwe yote. Afu aambiwe kama marehemu aliacha wasia kwamba fulani ndiye amswalishe. Na madeni: Mtume alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza kwanza kama maiti ana deni na kama ameacha cha kulipia, kwa hiyo msione aibu imamu akiuliza. Mkae kabla, mjue nani katika ndugu anasimama kuyabeba, ili tangazo la "mwenye kumdai amuone fulani" liwe na jina la mtu aliyekubali na si aliyeshtukizwa pale pale.

Hatua ya 4: Alikufaje

Kiongozi lazima ajue chanzo cha kifo hata kama hakitatajwa kabisa. Sababu ni kwamba maneno ya mazishi yamejaa misemo ya kawaida ambayo ni faraja kwa mmoja na kisu kwa mwingine. "Amelala kwa amani" kwa mtu aliyefia kwenye moto. "Mungu amemwita" kwa kijana aliyeuawa na mtu anayejulikana. "Ametupumzikia baada ya kuugua muda mrefu" kwa aliyeanguka ghafla jikoni. Anayehubiri haoni mlivyokunja uso, anaendelea.

Kujiua ndo kunafichwa kuliko vyote na naelewa kwa nini. Ile hofu ina mizizi, manake zamani ilikuwa hivyo kweli: Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662 kilisema ibada ile isitumike kwa aliyejiua, na sheria ya Kikatoliki ya 1917 nayo iliwanyima mazishi ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya 1983 iliondoa hicho kipengele, na Katekisimu ya Kikatoliki inasema wazi kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba Kanisa linawaombea. Bado kuna makanisa na viongozi wenye msimamo mkali, siwezi kuwaambia kwamba wote watawapokea sawa, ila ni afadhali mjue siku ya kwanza huyo mliyempigia yuko upande gani, muwe na muda wa kutafuta mwingine.

Niliona mazishi ya kijana ambapo familia ilisema ni malaria. Mhubiri hakuwa na habari, akafika katikati akaanza kuwaonya vijana kwamba wapo wanaojitoa uhai kwa kukosa imani, alikuwa anatoa tu mfano wa hali ya siku hizi. Mama wa yule kijana alitoka nje, marafiki zake wa chuo wakatoka nyuma yake. Kama angeambiwa faragha sentensi moja tu, "amejiua, mama mwenyewe ndiye aliyemkuta, hatutaki litajwe," asingegusa huko kabisa.

Kwa hiyo mpeni kiongozi maneno mnayotaka yatumike. Mfano: "Amejiua. Watu wa nyumbani wanajua, wajukuu wadogo hawajui. Sema tu kwamba alikuwa anaugua na maumivu yake wengi hatukuyaona. Usitaje namna wala mahali." Hiyo inamtosha. Na kama familia imekubaliana lisemwe wazi, ambapo mimi nimeona inawasaidia vijana waliobaki, bado namna alivyofanya isielezwe.

Kama kuna kesi, kwa mfano ajali ambayo dereva anashtakiwa, au mauaji, au familia inalalamikia hospitali, mwambieni pia, na mumwombe asimtaje mtu kuwa ndiye aliyesababisha. Maneno ya madhabahuni yanarekodiwa siku hizi.

Hatua ya 5: Yaliyopasuka ndani ya familia

Hapa ndo fungu la pili lenyewe. Msemaji aombe dakika kumi za peke yake na kiongozi, wengine watoke, aseme: nani haongei na nani, kuna wake au waume wangapi waliopita kwenye maisha ya marehemu na wapi watakaa, kuna mtoto wa nje ambaye anajulikana au hajulikani, kuna ndugu anayesema ameonewa kwenye mali, kuna mtu aliyeumizwa na marehemu.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Si kila marehemu alikuwa mtu mwema nyumbani kwake. Kama baba alikuwa anapiga, watoto wake wanakaa safu ya mbele wanasikiliza "baba mwenye upendo, kielelezo cha familia" na kila neno linawarudisha kule. Mwambieni kiongozi kwa kifupi, bila hadithi ndefu: "Alikuwa mkali sana nyumbani, watoto wawili wana majeraha nayo. Tunaomba usimwite kielelezo cha baba." Kiongozi mwenye busara atahubiri juu ya rehema ya Mungu na juu ya walio hai, atamshukuru Mungu kwa yale ya kweli yaliyokuwepo, na hatadanganya. Sijawahi kuona aliyeambiwa hivyo akakasirika. Wengi wanashukuru.

Mambo ya kiutendaji nayo yanatokea humu: nani anaanza kuweka udongo, nani anaweka shada la kwanza, watoto wanasimama wote pamoja au kwa mama zao. Msipoamua nyinyi, muongoza ratiba ataita "mjane aje" na watainuka wawili.

Hatua ya 6: Mpeni kitu cha kushika, si sifa

Hii ndo naipenda na ndo wengi wanaiacha kwa kukosa muda. Ukiuliza familia marehemu alikuwa mtu wa namna gani, jibu ni lilelile: mpole, mcheshi, mpenda watu, mchapakazi. Hakuna mhubiri anayeweza kufanya kitu na hayo maneno, atayasoma tu, na yangeweza kusomwa kwa jeneza lolote.

Niwape mfano mmoja kwa kirefu. Ilikuja familia ya mzee aliyekuwa fundi cherehani, binti wawili na mtoto wa kiume, mjane alikuwa nyumbani. Kwenye vyeti ana majina matatu, mtaani kote anaitwa Fundi. Miaka 71. Alibatizwa utotoni, kanisani aliacha kuja miaka tisa nyuma baada ya kutoelewana na viongozi juu ya hesabu za mchango fulani. Alikuwa na mtoto mmoja wa kabla ya ndoa, mwanamke mtu mzima sasa, mjane anamfahamu na anamkubali, ila binti mkubwa hataki hata jina lake lisikike. Alikufa kwa moyo, ghafla, asubuhi.

Nikauliza alikuwaje. Mpole, mcheshi, mchapakazi. Nikafunga daftari nikawauliza swali jingine: ni kitu gani chake pale nyumbani hamjaweza kukisogeza? Wakanyamaza. Afu binti mdogo akasema, tepu ya kupimia, imening'inia kwenye kona ya kitanda alipoiweka usiku, hakuna aliyeigusa. Nikauliza watu walikuwa wanamsemaje huko kazini. Mtoto wa kiume akasema baba alikuwa na tabia ambayo ilikuwa inawachekesha wateja, mtu akileta kitambaa cha nguo, vipande vyote vinavyobaki, hata kile chembamba cha upana wa kidole, alikuwa anavikunja, anavibana na pini, anaandika jina la mwenyewe kwa chaki, na siku ya kuchukua nguo anamkabidhi na vipande vyake. Mafundi wenzake walikuwa wanamcheka wakimwambia hivyo ni vya fundi. Yeye anasema "sivyo vyangu."

Hapo nikaandika. Hilo neno "sivyo vyangu" nililiandika kama lilivyo, na nikaweka alama kwamba liko kwenye fungu la kusemwa. Kwenye fungu la pili nikaandika: aliacha kanisa kwa sababu ya hesabu, usimwite muumini wa kila Jumapili, usiguse ugomvi ule. Watoto ni wanne, ukihesabu mmoja wa kabla ya ndoa. Mjane amesema wahesabiwe wanne bila kutaja mama. Binti mkubwa bado ana hasira, usiwaite mmoja mmoja kwa jina, sema "watoto wake wanne" tu.

Mchungaji alihubiri robo saa juu ya uaminifu katika kidogo, akashika zile pini na chaki, hakusema mzee alikuwa mtakatifu. Akasema "watoto wake wanne" mara moja, akapita. Watu wa mtaani wakaanza kuitikia pale pale kwenye mabenchi, mmoja akasema kwa sauti "vyangu bado ninavyo." Yule binti wa kabla ya ndoa alikuwa amekaa nyuma kabisa, na nilimwona akifuta macho alipohesabiwa.

Kwa hiyo msilete sifa. Leteni matukio mawili au matatu yenye kitu cha kuonekana ndani yake, neno alilozoea kusema, na kama kuna andiko au wimbo alioupenda semeni na kwa nini. Wimbo bila sababu ni wimbo tu.

Hatua ya 7: Nani ataongea, na kwa muda gani

Ulizeni kiongozi wasifu unasomwa wapi. Kwenye misa ya Kikatoliki mwongozo unasema mahubiri yasigeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu, kwa hiyo salamu za familia mara nyingi zinasogezwa baada ya komunyo au nje ya misa, na kuna mapadri wasioruhusu kabisa ndani ya misa. Kwenye makanisa mengine wasifu ni sehemu ya ibada. Mkijua mapema mnapanga, mkijua pale pale mnagombana na mshereheshaji.

Mpeni majina ya wasemaji na mumwambie kila mmoja ni nani kwa marehemu. Anayesoma wasifu ausome kwa sauti nyumbani huku anajipima kwa simu, ukizidi dakika tano upunguzwe. Na mwambieni kiongozi kama kuna mtu atakayeomba maiki na familia haitaki aongee, mwenye deni, mwanasiasa, ndugu mwenye kinyongo. Yeye ana mamlaka ya kusema "ratiba imefungwa" ambayo nyinyi wafiwa hamna.

Pia asikie habari za mwili wenyewe. Jeneza litafunguliwa au halifunguliwi, na kama halifunguliwi kwa sababu ya hali ya mwili aelewe, ili asije akaalika watu kupita kuaga. Kama mwili utachomwa, semeni mwanzoni: Wakatoliki wameruhusiwa tangu 1963, ila maelekezo ya 2016 yanataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanwa kati ya wanafamilia. Waislamu hawachomi kabisa.

Hatua ya 8: Andikeni, tumeni, mrudishiwe

Baada ya mazungumzo msemaji aandike meseji mbili, sio moja. Ile ya kwanza inaweza kuonwa na yeyote, mshereheshaji, kwaya, mpiga maiki. Ya pili inaenda kwa kiongozi peke yake, na haiwekwi kwenye grupu. Kwa yule mzee fundi ya pili ilikuwa hivi:

"Shalom Mchungaji. Haya ni ya kwako tu. 1. Baba aliacha kuja kanisani miaka 9, ni ile ishu ya hesabu, tunaomba isiguswe. 2. Watoto ni wanne, mama amekubali, usitaje mmoja mmoja. 3. Kaka yake baba ataomba kuongea, familia imesema hapana, tusaidie kusema ratiba imefungwa. 4. Mama ana presha, mahubiri yasizidi dakika 20 na akae kwenye kiti chenye mgongo. Ukiwa na swali nipigie mimi, usimpigie mama."

Mwombeni awasomee alichoandika kwenye simu, jina kwa jina. Ni dakika nne na hapo ndo makosa yanajitokeza, "mlisema wajukuu saba au wanane?" Kukiwa na mabadiliko baada ya hapo msemaji apige simu, asitegemee meseji, manake siku ya mazishi kiongozi hashiki simu asubuhi yote.

Siku yenyewe msemaji afike kabla ya jeneza, awe na karatasi ya majina iliyoandikwa kwa herufi kubwa, amkabidhi kiongozi mkononi hata kama alishatumiwa, kwa sababu ya kwanza inaweza kuwa imebaki mezani kwake. Amwonyeshe kwa macho mjane ni yupi na watoto wamekaa wapi, afu akae mahali ambapo kiongozi anamwona, ili akikwama jina amtazame.